Asali ya Tabora, Banda la Sabasaba: Hesabu Kabla ya Safari

Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo wengi huyaita Sabasaba tu, huandaliwa na TanTrade katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Kwa kawaida huanza 28 Juni na kufungwa 13 Julai. Hizo ni siku 16, na mjasiriamali mdogo anayekodi banda huwa na hofu moja kubwa: kodi ya banda lenyewe. Akishailipa, huona mzigo mzito umetuliwa. Kumbe kodi hiyo mara nyingi haifiki hata nusu ya bajeti.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki wa Tabora kinachosindika asali na kuifungasha katika chupa za gramu 500. Bei zinazotajwa hapa ni za kukadiria, kwa ajili ya kuonesha njia ya hesabu. Anayejiandaa kwenda aweke za mwaka wake.

Kikundi kinachukua banda la mita tatu kwa tatu, yaani mita 9 za mraba, kwa shilingi milioni 1.8. Kabla ya kutia saini, mhasibu wake anauliza maswali matatu. Je, VAT imo ndani ya bei hiyo? Je, banda lina kuta, meza, taa na soketi, au ni eneo tupu? Je, vitambulisho vya wahudumu vinalipiwa kando? Jibu moja tu likienda kombo, bajeti ya mapambo inaliwa kabla bango halijachapwa.

Mapambo yametengewa 700,000: bango la nyuma, rafu imara, kitambaa cha meza, taa mbili za ziada na vipeperushi. Rafu haifai kubaniwa pesa. Katoni ya chupa 24 ina kilo 12 za asali bila kuhesabu vioo, na rafu ya mbao nyepesi hupinda siku ya pili. Meza nayo isizibe mlango wa banda, kwa sababu mnunuzi wa jumla anahitaji mahali pa kuingia, kusimama kando na kuzungumza bei bila kusukumwa na waonjaji.

Sampuli ndizo hukadiriwa kwa macho, na ndiyo maana huisha wiki ya kwanza. Onjo moja la asali, ncha ya kijiti, ni kama gramu 5, hivyo kilo moja huonjesha watu 200. Wakija waonjaji 150 kwa siku, siku 16 ni watu 2,400, sawa na kilo 12. Ongeza chupa ndogo 40 za gramu 100 za kuwapa wanunuzi wa jumla, kilo 4 nyingine. Kilo 16 kwa gharama ya uzalishaji ya 10,000 kila moja ni 160,000. Chupa ndogo na lebo ni 60,000. Vijiti 2,400 ni 96,000. Maji, glavu, vitambaa na mifuniko ni 84,000. Jumla 400,000. Mifuniko si urembo, kwani asali ikiachwa wazi nyuki na nzi hujialika wenyewe.

Chupa hizo ndogo zitoke kwenye pipa lilelile litakalouzwa. Mnunuzi makini ataipeleka sampuli maabara au ataipima unyevu kwa kipimo chake, na kiwango cha kimataifa cha Kodeksi kinataka unyevu wa asali ya kawaida usizidi asilimia 20. Sampuli ikipimwa 18 kisha mzigo ukafika na 22, oda inarudi na mnunuzi hapigi simu tena.

Safari inabeba wahudumu wawili kwa usiku 18, maana lazima wafike siku mbili kabla ili wapange banda. Chumba kimoja cha gesti kwa 30,000 ni 540,000. Chakula na daladala kwa 20,000 kila mmoja kwa siku ni 720,000. Nauli za basi kwenda na kurudi ni 200,000, na kusafirisha mzigo 140,000. Jumla milioni 1.6, karibu sawa na kodi ya banda.

Zinabaki 300,000 za ufuatiliaji baada ya maonesho, yaani simu, nakala za vyeti na kutuma sampuli nyingine, pamoja na dharura 500,000. Bajeti nzima inafika milioni 5.3.

Sasa inakuja hesabu ambayo wengi huiruka: pesa hizo zinanunua nini? Kikundi kikiuza chupa 200 papo hapo kwa faida ya 3,000 kila moja, kinapata 600,000. Droo ya pesa inajaa na wahudumu wanafurahi, lakini milioni 4.7 bado hazijarudi. Zirudishwe na wateja watarajiwa: wenye maduka, hoteli na wasambazaji walioacha namba zao.

Hapa daftari ndilo linalopambanua. Mstari unaosema "Mama Asha, asali" pamoja na namba ya simu hauna kazi. Mstari unaofaa husomeka hivi: "Duka la vyakula Kariakoo, chupa za gramu 500, katoni 5 kwa mwezi, ameomba cheti cha TBS na bei ya jumla kabla ya Ijumaa." Kiasi, kifungashio, muda na ahadi ya hatua inayofuata: vikikosekana viwili kati ya hivyo, huyo ni mpita njia aliyeonja.

Tuseme daftari linakusanya mistari mitano ya aina hiyo kila siku. Siku 16 ni wateja watarajiwa 80, na kila mmoja amegharimu 58,750. Kama mmoja kati ya kumi atageuka kuwa mnunuzi, kikundi kinabaki na wanunuzi 8, kila mmoja kwa 587,500. Faida ya jumla ikiwa 2,500 kwa kilo, kila mnunuzi lazima achukue kilo 235 ndipo gharama zake zirudi. Kwa wanunuzi wanane ni kilo 1,880.

Je, asali hiyo ipo? Ghala la kikundi, baada ya kuwatoa wateja wa kawaida, sampuli na chupa za rejareja, lina kilo 1,400. Hata zikiisha zote, faida ni milioni 3.5. Kikundi kingerudi Tabora na daftari lililojaa oda ambazo hakiwezi kuzitimiza, na hasara ya milioni 1.2 juu yake.

Tiba inaanzia kwenye kodi. Banda moja linaweza kugawanywa na msindikaji wa bidhaa isiyoshindana na asali, kwa mfano korosho. Kodi na mapambo yakigawanywa nusu kwa nusu, milioni 1.25 zinaokolewa na deni la milioni 4.7 linashuka hadi milioni 3.45, chini kidogo ya kile ghala linachoweza kurudisha. Wahudumu wakipata ndugu wa kuwalaza Mbagala, 540,000 za gesti nazo zinatoka na zinabaki milioni 2.91. Hiyo ni faida ya kilo 1,164, na ghala linabakiwa na kilo 236 za kupumulia.

Hesabu hiyo haijagusa siku 18 ambazo watu wawili hawakuwepo kwenye mizinga na kiwandani. Kikundi chenye wafanyakazi wachache kiandike ujira wao kama mstari wa bajeti. Baada ya 13 Julai, simu za wateja makini zipigwe ndani ya wiki moja, na mwishoni mwa Septemba daftari lifunguliwe tena: wangapi kati ya 80 wameagiza, kilo ngapi, na wangapi wamelipa. Namba hizo tatu ndizo zitaamua kama fomu ya mwaka unaofuata ijazwe kwa banda zima, nusu banda, au isijazwe kabisa.