Suruali inabana kwa kipimo cha nani?

Jumanne ya Juni 1, 2021, shughuli za Bunge jijini Dodoma zilisimama kwa sababu ya suruali. Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, aliinuka kulalamikia mavazi ya mbunge mwenzake wa Momba, Condester Sichalwe, aliyekuwa amevaa blauzi ya njano na suruali nyeusi. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akamtaka mama huyo atoke nje, akavae vizuri, kisha arudi. Picha zikasambaa, na watu wakagawanyika. Wengine waliiona suruali ile kuwa ya kawaida kabisa, ya kwenda nayo kazini au hata kanisani. Wengine waliona kweli imebana. Baadhi ya wabunge wanawake wakataka mwenzao aombwe radhi.

Kwa yeyote aliyewahi kuandika kanuni za mavazi, tukio lile lina funzo ambalo halihusu siasa. Watu makini waliiangalia nguo ileile, kwa wakati uleule, wakatoa majibu mawili. Kubana hakuna sentimita. Ni neno lililomo katika kanuni za mavazi za ofisi nyingi, pamoja na ndugu zake: heshima, staha, nadhifu, yasiyofaa. Ukimkabidhi mlinzi wa getini neno la namna hiyo umemkabidhi macho yake mwenyewe, na macho hayo mara nyingi humwangukia mwanamke mwenye umbo kubwa kabla ya mwembamba aliyevaa nguo ya mshono uleule.

Nchini Tanzania jambo hili lina makali ya kisheria ambayo waajiri wengi huyagundua wakiwa wamechelewa. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 humtaka anayepima uhalali wa kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu ajiulize maswali kadhaa kuhusu kanuni iliyovunjwa. Je, ina sababu ya msingi? Je, iko wazi, haina utata? Mfanyakazi aliijua, au alipaswa kuijua? Mwajiri amekuwa akiitumia kwa wote bila kuyumba? Na je, kufukuza ndiyo adhabu inayostahili? Kosa la kwanza, isipokuwa likiwa zito, kwa kawaida halitoshi kumwondoa mtu kazini. Kanuni isemayo "wafanyakazi wavae kwa heshima" huanza kuyumba kwenye swali la pili.

Uwazi peke yake, hata hivyo, hautoshi. Kanuni inaweza kuwa wazi kama maji ya kisima na bado ikamuumiza mtu mmoja kuliko wengine. Mfano mzuri unatoka Durban, Afrika Kusini. Shule moja ya sekondari ya wasichana iliandika kanuni ya vito ambayo mwandishi yeyote angejivunia: hereni ndogo za duara zisizo na nakshi, moja kila sikio, zikiwa usawa mmoja, saa ya mkononi, kidani cha taarifa za ugonjwa. Zaidi ya hapo, hapana. Mwaka 2004 mwanafunzi Sunali Pillay, wa familia ya Kihindu yenye asili ya kusini mwa India, alirudi kutoka likizo akiwa na kipini cha dhahabu puani. Mama yake alieleza kwamba katika ukoo wao msichana anapovunja ungo huvishwa kipini kama alama ya kuingia utu uzima. Shule ikakataa.

Kesi ilifika Mahakama ya Katiba, na hukumu ikatolewa Oktoba 2007. Shule ilishindwa. Majaji waliona kwamba orodha ile, iliyoonekana haina upande, ilikuwa imeruhusu pambo ambalo wengi wamelizoea, yaani hereni, na kuliacha nje pambo la wachache. Waliona pia kwamba kanuni haikuwa na mlango wowote wa kuombea ruhusa maalumu. Shule iliagizwa iirekebishe, iweke utaratibu wa kuomba ruhusa hiyo. Jambo lingine kubwa katika hukumu ile ni kwamba kipini kililindwa ingawa haikuthibitika kuwa ni faradhi ya dini. Ilitosha kwamba kwa msichana yule kilikuwa na maana ya kweli katika imani na utamaduni wake. Ofisi inayomtaka mfanyakazi alete barua ya shehe au mchungaji kuthibitisha kwamba vazi lake "ni la lazima" inauliza swali ambalo mahakama ile haikuliona la kuamua kesi.

Kenya ilipita njia ndefu zaidi. Mwaka 2014, katika shule ya sekondari ya Kiwanjani mjini Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, liliibuka ombi kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana na kanisa: kuwaruhusu baadhi ni kuwabagua waliobaki. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikageuza: kuwavalisha wote nguo moja wakati hali zao si moja kunaweza kuwa ndiyo ubaguzi wenyewe. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu wa namna dai la hijabu lilivyofikishwa mahakamani, kisha ikaielekeza shule ikae na wahusika iandike upya kanuni zake. Karibu miaka mitano ya mawakili, na mwisho wake kalamu ikarudi mezani kwa bodi ya shule.

Kalamu hiyo ifanye nini, basi? Tuseme kuna kituo cha afya cha binafsi mjini Tanga, chenye watumishi 40, Waislamu na Wakristo, wanawake wakiwa wengi. Ukutani pana karatasi: "Watumishi wavae kwa heshima. Wanawake wasivae nguo fupi wala za kubana. Vilemba, hijabu na kofia haviruhusiwi wodini. Wanaume wasifuge ndevu wala nywele." Mistari minne tu, na karibu kila mmoja ni kesi inayosubiri tarehe.

Mwandishi mwenye uzoefu haanzi na nguo. Anaanza kwa kuuliza kila mstari unazuia nini. Kwa nini hijabu isiingie wodini? Akiulizwa vizuri, muuguzi mkuu atajibu kwamba ncha za mtandio huning'inia na kugusa kidonda, kisha huyohuyo anainamia kitanda kingine. Hapo tatizo limepatikana, nalo ni ncha, si hijabu. Mstari unaandikwa upya: "Mtumishi anayefunika kichwa atumie kitambaa safi cha rangi ya sare, ncha zote zikiwa zimechomekwa ndani ya vazi la juu." Sasa unamhusu Mwislamu mwenye hijabu, Singasinga mwenye kilemba na Rasta mwenye kofia ya kufumwa, na hautaji dini ya yeyote. Msimamizi anaukagua kwa kutazama mara moja.

Mikono ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo sababu ya kitabibu ni ya kweli. Mikono mirefu ya nguo hushika uchafu na humzuia mtu kunawa hadi kwenye vifundo. Hospitali za umma Uingereza ziliposhikilia kwamba anayemhudumia mgonjwa awe wazi kuanzia kiwiko kushuka chini, baadhi ya wauguzi Waislamu walishindwa kwa sababu ya sitara. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2010 ukatoa njia: mikono ya kuvaa na kutupa, yenye mpira kiwikoni na kwenye kifundo, inayobadilishwa kwa kila mgonjwa kama glavu. Nje ya kumhudumia mgonjwa, mikono mirefu haina tatizo. Kituo cha Tanga kinaweza kuandika hivyohivyo, ila kijue kwamba ahadi hiyo ina gharama. Mikono ya kutupa ikiisha stoo, kanuni imekufa, na hakuna anayeweza kuadhibiwa kwa haki.

Na ndevu? Kwa karani wa mapokezi hazina madhara yoyote, kwa hiyo mstari wake ufutwe. Kwa anayeingia chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu akiwa amevaa barakoa ya kuziba kabisa, nywele zilizo chini ya ukingo wa barakoa huacha upenyo wa hewa. Hapo kanuni iseme hivyo, itaje chumba na aina ya barakoa, na ieleze kwamba asiyetaka kunyoa atapangiwa wodi nyingine pale inapowezekana. Si kila imani itapata nafasi kila mahali. Ila anayekataliwa ana haki ya kuona sababu inayolingana na kazi yake.

Tunarudi kwenye kubana. Muuguzi huchuchumaa, huinama, humnyanyua mgonjwa. Badala ya kivumishi, kanuni iweke tendo: "Vazi la kazi, liwe gauni, sketi au suruali, limwezeshe mtumishi kuchuchumaa na kuinama bila mapaja, mgongo au kifua kuonekana, upindo ufike magotini au chini yake." Neno "wanawake" limeondoka. Mwanamume mwenye suruali inayoshuka kiunoni naye amekamatwa, na mwanamke mnene hapimwi kwa mwili wake. Mfanyakazi anaweza kujipima mwenyewe nyumbani asubuhi mbele ya kioo.

Sehemu ya mwenendo mara nyingi huachwa iseme "tabia njema" basi. Pale panahitaji vitendo vilivyotajwa, na cha kwanza kinahusu wasimamizi wenyewe. Anayemrekebisha mtu mavazi amwite pembeni, asimguse, asimpime kwa utepe, asizungumzie umbo lake, na asimrudishe nyumbani mbele ya wagonjwa. Maneno kama "wewe na hayo maumbile yako" yaandikwe waziwazi kuwa kosa, kwa sababu ukaguzi wa mavazi ni kichaka kizuri sana cha unyanyasaji wa kijinsia.

Kisha mlango ambao shule ya Durban haikuwa nao. Ombi la ruhusa maalumu liwe la ukurasa mmoja, lipelekwe kwa ofisa rasilimali watu, lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba za kazi. Wakati linasubiri, mtumishi aendelee na vazi lake isipokuwa kama linahatarisha mgonjwa. Likikataliwa, sababu itajwe: usalama, usafi, au kazi yenyewe kushindikana. "Wateja hawajazoea" isikubaliwe. Kuwe na mtu wa pili wa kukata rufaa kwake, asiwe yuleyule aliyekataa.

Vyote hivyo vikishaandikwa kwa Kiswahili na kila mtumishi kutia sahihi, linabaki daftari, kitu kisichovutia hata kidogo. Kila onyo liingie humo: tarehe, kipengele, nani alionywa, nani alionya. Mwajiri wa Tanga akilifungua baada ya miezi sita, ahesabu majina. Kama maonyo yote 11 ni ya wanawake, au hijabu iliyoning'inia imeandikwa mara tano huku kofia ya timu ya mpira ya mlinzi haijaandikwa hata mara moja, basi swali la kutoyumba tayari lina jibu. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kulipeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na daftari hilo linaweza kuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mwakilishi wake ataomba viletwe mezani.