Lubumbashi: mistari 7, prizi 12, na daftari linaloamua filamu

Kwenye skrini mama na mtoto wake wameketi mbele ya sahani ya bukari. Mama anauliza franga ya masomo ilikwenda wapi. Mtoto anadanganya. Mama anajua, lakini hasemi. Ndiyo yote. Katika filamu iliyokamilika, kipande hiki hakitazidi dakika moja na nusu. Mhariri aliyekishika, mwanamke anayefanya kazi hii katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya komini ya Katuba, amekitumia siku mbili, na siku ya kwanza karibu yote hakukata hata picha moja. Aliandika tu.

Niliketi karibu naye siku zote mbili. Filamu ni fupi, haijatoka bado, na wenyewe wameomba jina lake lisitajwe. Nilichotaka kuona ni hatua ambayo watazamaji hawaijui kabisa: jinsi senario iliyo kwenye karatasi inavyogeuka kuwa filamu ya kwanza isiyosafishwa, ile ambayo wahariri wa Ufaransa wanaiita kwa utani “dubu”.

Kipande hiki ni cha 14 katika senario, na kina mistari 7 ya maneno. Mama anaanza: “Ulishakula?” Mtoto: “Nilishakula.” Mama: “Franga ya masomo, ulilipa?” Mtoto: “Nililipa, mama.” Mama: “Bordero iko wapi?” Mtoto: “Niliisahau ku masomo.” Mama: “Enda kulala.”

Kamera iliwekwa mahali 3. Plani ya kwanza inawaonyesha wote wawili kwa mbali, ya pili inakaa kwenye uso wa mama, ya tatu kwenye uso wa mtoto. Kila plani ilirudiwa mara kadhaa, na kila marudio ndiyo yanaitwa prizi: 3 za mbali, 4 za mama, 5 za mtoto. Jumla ni prizi 12. Kwa kuwa waigizaji walisema kipande kizima kila mara, kila mstari ulipaswa kuwa na matamshi 12. Prizi moja ya mtoto ilisimamishwa baada ya mstari wa 4, hivyo yalibaki matamshi 81 ya mistari 7.

Mhariri hakuanza na kompyuta. Alianza na senario ya skripti, yaani yule msaidizi anayeandika kila kitu wakati wa kupiga picha. Juu ya maneno, skripti huchora mstari wa kalamu kutoka juu kwenda chini kwa kila prizi, kuanzia pale ilipoanza hadi pale ilipoishia. Mstari unanyooka pale anayesema anapoonekana kwenye kamera, na unapinda kama nyoka pale sauti yake inaposikika tu huku yeye yuko nje ya picha. Ukiweka kidole kwenye neno lolote la senario, unaona mara moja ni prizi ngapi zinalo na ni zipi zinaonyesha uso wa msemaji. Baadhi ya prizi zimezungushiwa duara. Hizo ndizo mwongozaji alizipenda siku ile ya kupiga picha.

Hapo ndipo wahariri wachanga wengi huanguka. Wanachukua prizi yenye duara, wanaiweka nzima, wanaendelea na kipande kinachofuata. Lakini duara lilichorwa na mtu aliyekuwa amesimama juani akifikiria mwanga, saa na mafuta ya jenereta. Linasema kwamba prizi nzima ilikwenda vizuri. Halisemi ni mstari gani ulisemwa vizuri.

Kwa hiyo mhariri wetu alifungua daftari na kuchora jedwali: mistari 7 upande wa kushoto, prizi 12 juu. Alitazama kila prizi mara moja bila kusimamisha, akaandika neno moja au mawili kuhusu alichohisi. “Uchovu.” “Anakariri.” “Niliogopa.” Alinieleza kwamba neno hilo la kwanza halifutwi kamwe, kwa sababu mara ya pili unajua tayari kinachokuja, na mtazamaji wa filamu hatakuwa anajua. Ndipo akarudi mwanzo, mstari kwa mstari, akiandika dakika na sekunde, kosa kama lipo, na alama: A, B au C. Kosa la picha na kosa la uigizaji aliyaandika kwa rangi mbili tofauti. Picha iliyotikisika kidogo inaweza kusameheka. Uongo usoni mwa mwigizaji hausameheki.

Kuna programu zinazoweza kuunganisha maneno ya senario na sauti za prizi zenyewe, kama `ScriptSync` ya `Avid Media Composer`. Unabonyeza mstari, unasikia matamshi yote. Hapa hawana, na kwa filamu fupi daftari linatosha. Isitoshe, nadhani kuandika kwa mkono kunamlazimisha mtu kusikiliza.

Siku ya pili aliweka matamshi yote ya mstari mmoja mmoja kwa mfululizo, ili mwongozaji akija ayasikie yakifuatana. Ndipo tukaona jambo lililonishangaza zaidi. Mstari wa 3, “Franga ya masomo, ulilipa?”, ulikuwa na A moja tu ya wazi: plani ya mama, prizi ya 3. Amekasirika, macho yanawaka, mwili unakuja mbele. Mstari wa 5, “Bordero iko wapi?”, nao ulikuwa na A moja: plani hiyohiyo, prizi ya 2, ambapo mama karibu ananong'ona, kama mtu anayeogopa jibu.

Akaziweka zote mbili mahali pake, na jibu la mtoto katikati. Haikufaa kabisa. Mama anafoka, na sekunde nne baadaye ananong'ona, bila chochote kilichomtuliza. Anaonekana kama wanawake wawili. Kila mstari peke yake ulikuwa bora kuliko yote mengine, na pamoja vilikuwa vibovu.

Basi ilibidi kuchagua ni upi kati ya miwili unaobeba kipande. Alichagua mnong'ono, kwa sababu pale ndipo mama anapojua. Baada ya hapo hasira ya prizi ya 3 ilitupwa yote, na kwa mstari wa 3 akachukua prizi ya 4, iliyokuwa na B tu daftarini. Mama anauliza habari ya franga huku akimega bukari, kama anayeuliza chumvi. Peke yake ni mstari wa kawaida. Ukifuatwa na ule mnong'ono, unatisha.

Uchaguzi huo ulileta shida mbili za mikono. Kwenye prizi ya 4 mama ameshika tonge, na kwenye prizi ya 2 mkono wake uko mtupu juu ya meza. Ukizikata pamoja, tonge linayeyuka hewani. Lakini katikati yapo maneno ya mtoto, “Nililipa, mama”, kwenye uso wa mtoto. Mhariri aliuacha uso huo ukae nusu sekunde zaidi, akaanzisha sauti ya mama juu yake: neno “bordero” linasikika tukiwa bado tunamtazama mtoto, kisha picha inahamia kwa mama. Hakuna anayeuliza tonge limekwenda wapi. Walter Murch, mhariri Mmarekani aliyefanya kazi kwenye filamu ya Apocalypse Now, alipanga vigezo vya mkato mzuri na kuipa hisia asilimia 51, huku usahihi wa nani yuko wapi katika nafasi akiupa asilimia 4. Filamu ile ilikuwa na zaidi ya saa 230 za picha zilizopigwa. Tonge lingesamehewa huko pia.

Shida ya pili ilikuwa sauti. Wakati wa prizi ya 2 jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma, na kwenye prizi ya 4 ilikuwa imezimwa. Jicho halioni kitu. Mhariri aliniambia nifumbe macho, akacheza kipande, na kweli mngurumo uliingia ghafla pamoja na neno “bordero”. Bahati nzuri fundi wa sauti alikuwa amerekodi nusu dakika ya chumba kitupu, jenereta ikinguruma. Ukaweka mngurumo huo kwa sauti ya chini tangu mwanzo wa kipande, na mkato ukapotea. Bila nusu dakika hiyo mnong'ono ungebaki daftarini.

Mstari wa 6 ulikuwa tatizo la kweli. “Niliisahau ku masomo.” Kijana anayeigiza ni mwanafunzi. Tangu siku za kupiga picha amenyolewa nywele na familia yake imehamia Likasi, kwa hiyo hakuna kurudia. Kwenye plani yake, prizi 4 zina mstari huo, na kwenye jedwali zote zina C. Mara mbili anadanganya vizuri mno na tunamwamini. Mara moja anatazama kamera. Mara ya mwisho anasema kama anayesoma somo darasani.

Mhariri alirudi kwenye daftari, akatafuta nje ya maneno. Ana desturi ya kuandika pia yaliyo kabla ya klapu na baada ya mwongozaji kusema “kata”. Pale mwanzoni mwa prizi ya 1 alikuwa ameandika: “anatazama chini, anameza mate, sekunde 3”. Kijana alikuwa anasubiri tu kuanza. Hakuwa anaigiza, alikuwa anaogopa kazi.

Akatengeneza matoleo mawili. La kwanza ni aminifu kwa senario: uso wa kijana kimya kwa sekunde hizo tatu, kisha picha inahamia kwa mama, na maneno “Niliisahau ku masomo” yanasikika juu ya uso wa mama, ambapo midomo ya mtoto haionekani na sauti ya prizi ya 4 inavumilika. La pili halina mstari wa 6 kabisa. Mama anauliza, mtoto anameza mate, mama anasema “Enda kulala.”

Nilimuuliza ni lipi lililo bora. Akacheka. “Mimi najua langu. Lakini dubu ni wa senario. Mstari ukiandikwa, kwanza tunauweka, aliyeuandika aone mwenyewe kama anauhitaji.” Ndiyo sababu filamu hii yote, ambayo kwa kurasa ilitazamiwa kuwa ya dakika 14, kwa sasa ina 19. Hajapunguza kitu, na prizi zilizokataliwa zote ziko kwenye diski mbili, pamoja na nakala ya daftari iliyopigwa picha kwa simu.

Mwongozaji alifika jioni, akaona toleo la kwanza, akauliza prizi yake ya 3 ya mama imekwenda wapi, ile ya hasira, aliyoizungushia duara mara mbili. Mhariri akamfungulia ukurasa wa jedwali, akamchezea mkato wa kufoka na kunong'ona, kisha ule wa tonge. Mwongozaji akaomba arudie. Akaomba tena. Akaachana na hasira. Kuhusu mstari wa 6 alisema atalala kwanza, na matoleo yote mawili bado yako kwenye kompyuta.