Fahamu: Ada ya Mwaka ya Kadi ya Mkopo na Namna ya Kuomba Isamehewe

Baadhi ya kadi za mkopo nchini Kenya hazitozwi ada mwaka wa kwanza, na kwa hiyo mwenye kadi hustaajabu mwaka wa pili, katika mwezi uleule aliofunguliwa kadi wala si Januari, anapokuta taarifa yake ya hesabu imezidi mistari miwili: tuseme ada ya mwaka, shilingi 5,000, na chini yake ushuru wa serikali, ambao kwa kiwango cha 15% ni shilingi 750. Ada ya kutoa kadi mpya, ile ya zamani ikiisha muda, ni jambo jingine. Basi uliza kwanza umetozwa ipi.

Ombi lipelekwe kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa, kwa maneno bayana: "Nimeitumia kadi hii mwaka mzima na kulipa kwa wakati, naomba ada irudishwe pamoja na ushuru wake." Benki hailazimiki kuridhia, lakini mteja mwenye matumizi mazuri husikilizwa. Ikikubali, taka nambari ya ombi, kisha ikague taarifa ifuatayo, kwani zikirudi 5,000 peke yake, ushuru ungali juu yako. Wakati wa kungoja lipa deni lote, maana ada isiyolipwa yaweza kuzaa riba kama ununuzi wowote. Ikikataa, uliza ni kiasi gani cha matumizi kingeiondoa ada hiyo, au omba uhamishiwe kadi ya daraja la chini.