Kobalti Moja, Rangi Mbili

Ayoni ya kobalti yenye chaji tatu chanya ikizungukwa na molekuli sita za amonia, chumvi yake huwa ya rangi ya machungwa na sumaku haiivuti. Ikizungukwa na floraidi sita, kobalti ileile huwa ya buluu, na sumaku huivuta.

Ayoni hiyo ina elektroni sita katika obiti tano za d. Obiti mbili zinazowaelekea majirani hupanda nishati. Tatu zinazopita kati yao hushuka. Amonia hufungua pengo kubwa, hivyo elektroni zote hubanana chini mbili mbili na usumaku wao hufutana. Kwa floraidi pengo ni dogo, kupanda ni nafuu kuliko kubanana, na elektroni nne hubaki bila mwenzi.

Rangi nayo hutokana na pengo hilo. Elektroni ya kiwanja cha amonia hupanda kwa kumeza mwanga wa buluu, wa takriban nanomita 475, jicho likabaki na machungwa. Floraidi humeza upande wa wekundu.

Lakini rangi pekee si ushahidi wa kutosha. Wanakemia hupima sampuli kwenye mizani, ncha yake ikiwa kati ya sumaku: ya floraidi huonekana kuongezeka uzito, ya amonia hupungua kidogo sana.