"Nitajitahidi" si jibu: hesabu ya kazi nne, siku moja na bosi zaidi ya mmoja

Msomaji, naomba nianze na swali. Mara ya mwisho mtu alipokuletea kazi ukiwa tayari na kazi za watu wengine mezani, ulimjibu nini? Kama wewe ni Mbongo mwenzangu, nakisia ulisema "sawa, nitajitahidi". Ni neno la adabu na halimuudhi mtu. Tatizo lake ni kwamba aliyekutuma anaondoka akiamini kazi itakuwa tayari, na wewe unabaki ukijua kuwa huenda isiwe tayari.

Kabla sijarudi chuoni kusoma shahada ya uzamili nilifanya kazi Kurasini, katika ofisi moja ndogo ya uwakala wa forodha. Anayeijua Kurasini anajua hali ilivyo: bandari iko jirani, yadi za kontena kila upande, malori yamejipanga hadi barabara ya Mandela. Mimi nilikuwa kijana wa kompyuta, na kwa sababu hiyo kila mtu alikuwa bosi wangu. Siku moja niliwaambia watu wanne "nitajitahidi". Jioni yake nyaraka za kontena moja zilikuwa hazijakamilika, kontena likalala siku moja zaidi, na kwa kuwa siku zake za bure zilikuwa zimekwisha, mteja akalipishwa storeji. Hakuna aliyenifokea. Dada wa nyaraka aliniuliza tu, "Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia asubuhi?"

Nilidhani wakati ule sikuwa na jibu. Baadaye, darasani, nikagundua kwamba asubuhi ile ningeweza kabisa kujua. Ni hesabu ya kujumlisha tu, na leo nataka tuifanye pamoja.

Siku yenyewe

Tuseme ni saa 2 asubuhi. Chakula cha mchana utakula mezani, na mezani kuna kazi hizi:

- Dada wa nyaraka: kuandaa nyaraka za kontena la vigae. Saa 2 za kazi. Anaitaka saa 6 mchana.
- Mhasibu: kulinganisha ankara za wateja na malipo ya mwezi. Saa 4 za kazi. Anaitaka saa 8 mchana.
- Meneja: makadirio ya gharama kwa mteja wa Lubumbashi. Saa 2 za kazi. Anayataka saa 9 alasiri.
- Msimamizi wa magari: orodha ya malori yanayokwenda Tunduma. Saa 2 za kazi. Anaitaka saa 11 jioni.

Ukijumlisha unapata saa 10 za kazi, na kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni kuna saa 9. Kwa hiyo kuna kitu hakitaenea. Lakini kipi, na nani aambiwe?

Hatua ya kwanza: panga kwa dedilaini

Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani aitwaye J. R. Jackson alionyesha jambo ambalo linaonekana dogo. Ukiwa na mfanyakazi mmoja na kazi zote ziko tayari kuanza, zipange kwa kufuata dedilaini: iliyo karibu ianze. Mpangilio huo ndio unaofanya ucheleweshaji mkubwa kuliko wote uwe mdogo iwezekanavyo. Maana yake kwetu ni hii: kama mpangilio huo umeshindwa kuwahi dedilaini zote, basi hakuna mpangilio mwingine wowote utakaoweza. Kukaza buti hakusaidii, na kubadilisha zamu hakusaidii.

Tujaribu. Nyaraka zinaanza saa 2 na kwisha saa 4, salama. Ankara zinaanza saa 4 na kwisha saa 8, salama kabisa bila dakika ya ziada. Makadirio ya Lubumbashi yanaanza saa 8 na kwisha saa 10, na dedilaini yake ilikuwa saa 9. Yamechelewa. Malori yanaisha saa 12 jioni, nayo yamechelewa.

Angalia pale ilipovunjika. Kazi tatu za kwanza zote zinatakiwa ziwe zimekwisha ifikapo saa 9 alasiri. Zinahitaji saa 8 za kazi, wakati kutoka saa 2 hadi saa 9 kuna saa 7 tu. Hilo ndilo jibu ambalo dada wa nyaraka aliniuliza. Saa 2 na dakika tano asubuhi ningeweza kusema "haiwezekani", nikaonyesha kwa vidole.

Hatua ya pili: nani asogezwe?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamwendea yule mpole. Kurasini mpole alikuwa msimamizi wa magari, kaka ambaye ungemwambia chochote angesema "haina shida". Lakini hebu mwondoe yeye kwenye orodha uone. Kazi tatu za kwanza bado zinahitaji saa 8 ndani ya saa 7. Umemuumiza mtu na hujaokoa chochote, kwa sababu kazi yake haikuwa ndani ya msongamano. Sasa wamechelewa wawili.

Mwaka 1968 J. Michael Moore alitoa njia ya kupata idadi ndogo kabisa ya kazi zitakazochelewa. Panga kwa dedilaini. Ukifika kwenye kazi ya kwanza inayochelewa, tazama kazi zote ulizokwishapanga hadi hapo, pamoja na hiyo yenyewe, kisha itoe iliyo ndefu kuliko zote uipeleke mwisho. Endelea hivyo hadi umalize orodha.

Kwetu sisi msongamano unatokea kwenye makadirio ya Lubumbashi. Kati ya kazi tatu za hadi hapo, ndefu ni ankara, saa 4. Itoe. Sasa nyaraka zinaisha saa 4, makadirio saa 6, malori saa 8, wote wamewahi. Ankara zinafuata na kwisha saa 12 jioni. Amechelewa mmoja tu.

Unaweza kuniambia: mbona hata ukitoa nyaraka, au makadirio, bado atachelewa mmoja? Ni kweli. Tofauti iko kwenye nafasi ya kupumua. Ukitoa makadirio, ankara zinaisha saa 8 kamili, na dakika kumi za mtandao kukatika zinakuharibia. Ukitoa ankara, kila kazi iliyobaki ina angalau saa 2 za akiba.

Lakini njia ya Moore inahesabu vichwa tu. Haijui kwamba kontena likilala kuna bili, wakati ankara zikilala hakuna. Kwa hiyo kabla ya kuamua, jiulize pia kuchelewa kwa kila kazi kunagharimu nini na nani atalipa. Siku ile majibu yote mawili yalielekea kwa mhasibu.

Hatua ya tatu: mwambie mtu, na muulize sababu

Sasa unamfuata mhasibu saa 2 na robo, si saa 7 na dakika hamsini. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Vipi zile ankara?"

"Ndizo zimenileta, mzee. Ni kazi ya saa 4. Nina nyaraka za kontena za saa 6, na makadirio ya meneja ya saa 9. Zote tatu hazienei. Za kwako zikikamilika zote, ni saa 12 jioni. Samahani mzee, ile saa 8 unaihitaji kwa ajili ya nini?"

"Nakwenda benki. Nahitaji jumla za wale wateja watatu wakubwa. Hao wengine hata kesho."

Umeona kilichotokea? Kazi ya saa 4 imegawanyika: saa 1 ya leo, saa 3 za kesho. Rudia hesabu. Nyaraka zinaisha saa 4, wateja watatu saa 5, makadirio saa 7, malori saa 9. Hakuna aliyechelewa. Hilo halikutokana na kufanya kazi haraka zaidi. Lilitokana na swali moja, na swali hilo usingeliuliza kama ungesema "nitajitahidi".

Zingatia pia nilichomwambia mzee. Sikusema "nina kazi nyingi", kwa sababu nani hana? Nilitaja kazi, dedilaini zake, na saa nitakayomaliza ya kwake. Akitaka kupinga, anapinga hesabu, na anaweza kwenda kuongea na meneja mwenyewe. Ukiwa mdogo ofisini si kazi yako kuamua kati ya wakubwa wawili. Kazi yako ni kuwawekea hesabu mezani waamue wao.

Kwa nini usiguse zote kidogo kidogo?

Siku yangu mbaya nilifanya hivyo ili kila mtu aone nashughulika. Chukua kazi mbili za saa 2 kila moja. Ukizimaliza moja baada ya nyingine, ya kwanza iko tayari baada ya saa 2 na ya pili baada ya saa 4. Ukizibadilisha kila nusu saa, ya kwanza iko tayari baada ya saa 3 na nusu, ya pili bado saa 4. Mmoja amepoteza saa nzima na nusu, na mwingine hajapata hata dakika. Hapo sijahesabu muda wa kukumbuka ulipoishia.

Hesabu hii inapokwama

Inakwama mahali pawili. Kwanza, inadhani kila kazi iko tayari kuanza. Kama nyaraka zinasubiri karatasi kutoka kwa wakala wa meli, kanuni ya Jackson haitoi tena uhakika ule. Mwambie mhusika saa yako kwa kuhesabu tangu karatasi ifike: "Ikinifikia, nahitaji saa 2."

Pili, zile saa 2 na 4 ni makadirio yako, na sisi binadamu tunajipendelea. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Wakatumia zaidi ya 55. Waliomaliza ndani ya makadirio yao hawakufika hata theluthi. Dawa ni kuacha kuuliza "hii itanichukua muda gani?" na kuuliza "ya mwisho kama hii ilinichukua muda gani?" Mimi nilianza kuandika nyuma ya daftari saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Baada ya wiki mbili niligundua kwamba nyaraka nilizokuwa nikiziita za saa moja zilikuwa za saa 2.

Na kazi mpya ikija saa 5, rudia hesabu tangu saa 5. Kama inamsukuma mtu, mfuate huyo kabla ya kuigusa. Atanuna kidogo, ni kweli. Lakini atakuwa na mchana mzima wa kujipanga upya, na ndicho hasa nilichomnyima yule dada wa nyaraka.