Swichi Haibebi Mzigo

Alfajiri, barabara ya Makambako kwenda Njombe hufunikwa na ukungu mzito kiasi cha dereva kukiona kibao cha barabarani akiwa tayari amekipita. Mwenye pikapu moja ya kubeba viazi alichoshwa na hali hiyo, akanunua taa mbili za ukungu akazifunga chini ya bampa. Waya aliutoa kwenye betri, akaupitisha kwenye swichi ndogo aliyoitoboa pembeni mwa usukani, kisha akaushusha hadi kwenye taa. Ziliwaka. Wiki ya tatu aliponyoosha kidole kuzizima, swichi ilikuwa ya moto, plastiki imelegea, na ndani ya gari kunanuka waya unaoungua.

Taa hazikuwa mbovu, na swichi haikuwa feki. Kosa ni kwamba swichi ilibebeshwa mzigo usio wake.

Tupige hesabu. Kila taa ilikuwa na balbu ya halojeni ya wati 55, kwa hiyo mbili ni wati 110. Ukigawanya kwa volti 12 za betri, unapata takriban ampea 9. Umeme wote huo ulikuwa ukipita kati ya vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana ndani ya swichi. Tena, nyuzi za balbu zikiwa bado baridi huvuta umeme mara kadhaa zaidi kwa kitambo kifupi kuliko nukta ya jicho. Kila ukiwasha, cheche huruka. Cheche hula chuma, mguso unakuwa mbaya, na mguso mbaya huzaa joto.

Hasara nyingine haionekani upesi. Waya mwembamba unaotoka kwenye boneti, ukaingia ndani na kurudi tena mbele, hula volti njiani. Balbu ya halojeni ikikosa volti moja na nusu, mwanga wake hupungua kwa karibu theluthi moja. Mwenye pikapu alikuwa amelipia taa nzima na kutumia sehemu yake tu.

Dawa ni rilei, kile kiboksi cheusi chenye miguu minne au mitano. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Koili ikipata umeme inageuka sumaku, inavuta ulimi wa chuma, na ulimi huo unaunganisha njia nyingine iliyo nene. Koili hutosheka na sehemu ndogo tu ya ampea moja, ilhali rilei ya kawaida ya gari huruhusu ampea 30 au 40 kupita kwenye njia yake kubwa. Swichi sasa inatoa amri tu, na rilei ndiyo inayobeba.

Miguu ya rilei imeandikwa namba, na mpangilio wake ni rahisi. Mguu wa 30 unapokea umeme mkubwa kutoka betri. Mguu wa 87 unaupeleka kwenye taa. Mguu wa 86 unapokea amri kutoka kwenye swichi, na wa 85 unakwenda kwenye bodi ya gari, yaani hasi. Ukikuta mguu wa tano ulioandikwa 87a, uache bila waya. Mguu huo una umeme wakati rilei imelala, kwa hiyo ukiufunga kwenye taa zitawaka ukizima swichi na kuzimika ukiiwasha.

Kwa pikapu yetu, kazi ilianza kwa kuchomoa waya wa hasi wa betri. Waya wa milimita za mraba 2.5 ukatoka kwenye chanya ya betri hadi kwenye fyuzi ya ampea 15, kisha mguu wa 30. Kutoka 87 waya wa unene huohuo ukaenda mbele na kugawanyika kwenye taa mbili. Waya wa hasi wa kila taa ulifungwa kwa nati kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwa sababu rangi haipitishi umeme. Waya mwembamba wa swichi ulipitishwa kwenye tundu lenye mpira, ili kingo za bati zisiuchubue.

Umeme wa swichi haukuchukuliwa moja kwa moja kwenye betri. Ulitolewa kwenye waya wa taa ndogo za gari, ukapitia fyuzi yake ndogo ya ampea 3. Hivyo dereva akizima taa ndogo, na za ukungu zinazimika hata akisahau swichi yake. Bila hivyo, ampea 9 zikiwaka saa kadhaa gari likiwa limeegeshwa, asubuhi ni kusukuma.

Fyuzi ndiyo sehemu wengi huielewa kinyume. Wanadhani inalinda taa, kumbe inalinda waya. Ndiyo maana haina budi kukaa karibu na betri, umbali wa shubiri moja hivi. Ukiiweka karibu na taa na waya ukachubuka katikati ya njia, ukagusa bodi, umeme wote wa betri utamwagika hapo bila kuipitia fyuzi, nao waya utawaka kama utambi. Vilevile, fyuzi ya 15 ikikatika usiweke ya 30, wala karatasi ya sigara. Inapokatika tena na tena, tafuta mahali waya unapogusa chuma.

Rilei ina faida nyingine: inasema. Washa swichi ukiwa umeegesha sikio kwenye boneti. Ukisikia "tik" na taa haziwaki, amri imefika, na ubovu uko kwenye njia kubwa: fyuzi, mguu wa 30, wa 87 au hasi ya taa. Usiposikia kitu, anza na swichi, fyuzi yake ndogo na waya wa 85. Taa zikigoma kuzimika ilhali rilei imepoa bila amri, ulimi wake umeshikana, ibadilishe. Na taa zikiwaka kwa unyonge, pima volti kwenye betri, kisha kwenye taa zikiwa zinawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibaya, na mara nyingi ni hasi iliyoshika kutu.

Mpango huuhuu unafaa taa za kazi, zile za nyuma za kupakilia mizigo usiku, ila swichi yake iwe peke yake na zisiwashwe barabarani, kwani humpofusha anayekufuata. Taa za LED za wati 18 kila moja huvuta ampea 3 tu kwa pamoja, kwa hiyo fyuzi ya 5 inatosha. Kwa lori la volti 24, balbu na rilei vyote viwe vya volti 24. Koili ya volti 12 haitadumu humo.

Taa za ukungu zenyewe zikae chini, na mwanga wake ulale barabarani. Ukungu ni matone ya maji, na mwanga unaopanda juu hugonga matone hayo ukarudi machoni mwa dereva kama ukuta mweupe.

Baada ya kufunga, pikapu iliwashwa taa dakika ishirini injini ikinguruma. Kisha tukapapasa waya, fyuzi na soketi ya rilei: vuguvugu kidogo, hakuna cha kuunguza kidole. Swichi pembeni mwa usukani ilikuwa baridi kama asubuhi ya Njombe.