Pesa Iliyoingia Kwenye Simu Siyo Yote Mauzo

Muuzaji wa nguo wa Instagram anapofika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa mara ya kwanza, swali lenye uzito kuliko yote ni hili: kwa mwaka unauza kiasi gani? Wengi hukisia. Wengine hufungua simu na kuonyesha jumla ya fedha zilizoingia. Majibu yote mawili yanaweza kumtoza mtu kodi isiyomhusu, kwa sababu mfanyabiashara mdogo anayelipa kwa makadirio hatozwi kwenye faida wala kwenye kila shilingi iliyopita mkononi mwake. Hutozwa kwenye mauzo ghafi, yaani thamani ya alichouza kabla ya kutoa gharama yoyote.

Kwanza, nani anahesabiwa kuwa anafanya biashara? Sheria ya Kodi ya Mapato haiulizi kama una fremu au kibao cha duka. Inatazama kama shughuli inafanywa kwa nia ya kupata faida, na inagusa hata tukio la mara moja tu lenye sura ya kibiashara. Ukiuza kabati lako kwa sababu unahama nyumba, huo siyo uchuuzi. Ukinunua makabati matatu, ukayapiga picha na kuyaposti ili upate cha juu, hiyo ni biashara, hata kama stoo yako ni uvunguni mwa kitanda.

Ukishaanza, sheria inakupa siku 15 kuomba TIN. Inaombwa bila malipo kwenye tovuti ya TRA kwa kutumia namba yako ya NIDA. Aliyewahi kuchukua TIN kwa ajili ya leseni ya udereva haombi nyingine. Anaomba ile ile ibadilishwe iwe ya biashara. Baada ya hapo unakwenda ofisi ya TRA ya eneo lako kukadiriwa. Ukimaliza unapewa cheti cha uthibitisho wa mlipakodi, ambacho ndicho halmashauri hukitaka unapoomba leseni ya biashara. Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Utaratibu huu wa makadirio ni wa mtu binafsi mkazi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Umewekwa kwa anayetegemea biashara peke yake, hivyo mwenye ajira anayeuza mtandaoni jioni amwambie ofisa mapema kuwa ana mshahara pia.

Viwango vilivyowekwa mwaka 2022 vinakwenda hivi. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kuanzia hapo hadi milioni 100, kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Tazama mpaka wa milioni 11. Mwenye daftari aliyeuza milioni 11 kamili hulipa 210,000. Akivuka kidogo tu, kodi inapanda hadi zaidi ya 385,000, kwa sababu sasa asilimia inahesabiwa kuanzia shilingi ya kwanza. Ndiyo maana fedha isiyo ya biashara ikichanganywa na mauzo huumiza zaidi hapa kuliko kwingine.

Tuchukue mfano wa dada anayeuza vitenge na magauni akiwa nyumbani Tabata. Taarifa ya miamala ya simu yake inaonyesha kwa mwaka ameingiza 13,600,000. Ndani yake kuna 1,500,000 ya mchezo, zamu yake ilipofika. Mkopo wa 1,000,000. Na 800,000 alizotumiwa na kaka yake kwa matibabu ya mama yao. Hizo zote siyo mapato ya biashara. Kuna 900,000 ambazo wateja walituma pamoja na bei ya nguo ili awalipe bodaboda, naye akawapa madereva kama zilivyo. Kuna 200,000 za magauni yaliyorudishwa, na wateja wakarejeshewa fedha zao. Ukitoa vyote hivyo zinabaki 9,200,000.

Lakini hesabu haijaisha. Majirani walinunua kwa fedha taslimu 800,000, ambazo simu haizijui. Hayo ni mauzo, na lazima yaingie. Jumla ya kweli ni 10,000,000. Akiwa na kumbukumbu, kodi yake ni 90,000 na asilimia 3 ya milioni 3, yaani 180,000. Bila kumbukumbu angelipa 250,000. Na kama ile taarifa ya simu ingechukuliwa yote kuwa mauzo, angedaiwa 476,000.

Nauli ya bodaboda inahitaji uangalifu. Ukimtoza mteja 5,000 ya kumfikishia mzigo na wewe ukamlipa dereva 3,000, hapo unauza huduma ya usafirishaji, na 5,000 yote ni mauzo yako. Inabaki kuwa fedha ya kupitisha tu pale kiasi kilichoingia kinapokuwa sawa na kilichotoka, na muamala wa kumlipa dereva unaonekana.

Wanaoposti bidhaa za maduka ya Kariakoo bila kuzinunua kwanza wana swali gumu zaidi. Mteja anatuma 85,000, duka linachukua 70,000, wewe unabaki na 15,000. Mauzo yako ni yapi? Kama bei umepanga wewe, mteja anakujua wewe, na viatu vikimbana anakurudishia wewe, basi umenunua na kuuza. Mauzo ni 85,000. Kama wewe ni wakala, duka ndilo linalomuuzia mteja na kumpa risiti yake, kisha linakulipa kamisheni mliyokubaliana, mapato yako ni 15,000. Tofauti hiyo haiwezi kuthibitishwa kwa maneno. Andikianeni makubaliano, hata ya ukurasa mmoja, na fedha ya mteja iende moja kwa moja dukani inapowezekana.

Vitu pia huhesabiwa. Kampuni ya vipodozi ikikupa katoni ya losheni kwa sababu unaitangaza kwenye ukurasa wako, sheria inaichukulia zawadi hiyo kuwa mapato ya biashara, maana bila ukurasa usingeipata.

Kumbukumbu zinazotosha ni rahisi: daftari lenye tarehe, bidhaa, bei na njia ya malipo, pamoja na risiti za manunuzi na taarifa za miamala. Zitunze miaka 5. Fungua lipa namba ya biashara peke yake, na mchezo, mikopo na fedha za ndugu zipite kwenye laini nyingine.

Ukipewa kadirio, lilinganishe na viwango vilivyotajwa hapo juu kabla hujalipa. Likizidi, uliza ofisa ametumia mauzo ya kiasi gani. Mara nyingi kosa liko kwenye tarakimu hiyo. Msipokubaliana, una siku 30 tangu kupokea kadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, na utakachopeleka kama ushahidi ni lile daftari.